Hifadhi ya ESXi Imejaa Ghafla: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Snapshoti na Mafaili ya Swapu

Ukurasa huu ni wa wanaosimamia seva zenye ESXi, wakaamka siku moja na kukuta diski imejaa ilhali hakuna aliyeongeza kitu. Diski tunayoizungumzia ni ile ya seva mwenyeji, yaani hifadhi ambamo mashine pepe zote zinakaa na ambayo kwenye skrini inaitwa `datastore`. Diski ya ndani ya mashine pepe ni habari nyingine, ingawa mara nyingi hizi mbili huchanganywa, na mchanganyo huo ndio unaozaa nusu ya maswali yaliyo hapa chini.

## Mambo ya msingi

Sijaongeza mashine wala faili lolote. Nafasi imekwenda wapi?

Mara nyingi imeliwa na vitu viwili ambavyo ESXi huvitengeneza yenyewe ndani ya folda ya kila mashine pepe. Cha kwanza ni mafaili ya snapshoti, ambayo huanza madogo kisha hukua kimyakimya kila mashine inapoandika kitu. Cha pili ni faili la swapu lenye kiambishi `.vswp`. Hili halikui. Huzaliwa zima mara mashine inapowashwa, na hufutwa mashine inapozimwa.

Tofauti hiyo ya tabia ni dalili nzuri ya kuanzia. Kama nafasi imepungua polepole kwa siku kadhaa, shuku snapshoti. Kama imeshuka kwa mkupuo, tena kwa kiasi kinacholingana na RAM ya mashine fulani, basi kuna mashine iliyowashwa, iliyosimamishwa kwa `Suspend`, au iliyopigwa snapshoti pamoja na kumbukumbu yake.

Snapshoti ni nakala ya diski?

Hapana, na kudhani hivyo ndiko kunakowaponza wengi. Unapopiga snapshoti, diski ya asili haiguswi tena. Inafungwa isiandikwe, na kando yake linaundwa faili jipya la tofauti. Kila kitu kinachoandikwa kuanzia hapo kinaingia kwenye faili hilo. Mashine inaposoma, inatazama kwanza faili la tofauti. Isipokuta inachotafuta, inarudi kwenye diski ya asili.

Kwa hiyo snapshoti peke yake haikuokoi diski ya asili ikiharibika. Na diski ya asili peke yake haina kazi yoyote iliyofanywa tangu siku snapshoti ilipopigwa. Vyote viwili ni kitu kimoja kilichogawanyika.

Faili la tofauti linaweza kukua hadi wapi?

Hadi ukubwa wa diski ya asili, na kidogo zaidi kwa ajili ya rekodi zake za ndani. Sababu ni kwamba linahesabu sehemu za diski zilizoguswa, si mara ngapi zimeguswa. Sehemu ileile ikiandikwa mara elfu moja inachukua nafasi ya sehemu moja tu. Ndiyo maana seva ya wavuti inayohudumia kurasa zilezile inaweza kukaa na snapshoti ndogo kwa muda mrefu, wakati seva ya hifadhidata au ya barua pepe inaweza kujaza gigabaiti kadhaa kabla ya chakula cha mchana.

Jambo la kutia hofu ni kwamba kila snapshoti kwenye mnyororo ina kikomo chake. Diski ya GB 200 yenye snapshoti tatu inaweza, kinadharia, kudai GB 800 za hifadhi.

Faili la `.vswp` lina ukubwa gani, na kwa nini lipo wakati seva ina RAM ya kutosha?

Ukubwa wake ni RAM uliyoipa mashine, toa RAM uliyoitengea rasmi kwenye kisanduku cha `Reservation`. Mashine yenye RAM ya GB 64 isiyo na tengo lolote itaunda faili la GB 64, hata kama ndani yake inatumia GB 5 tu.

Lipo kwa sababu ESXi inakubali mashine zigawiwe RAM nyingi kuliko iliyopo kwenye seva. Ikitokea zote zimeidai kwa wakati mmoja, ziada inahamishiwa kwenye faili hilo. ESXi haisubiri siku hiyo ifike ndipo itafute nafasi. Inaishika mapema, mashine inapowashwa. Kwenye seva nyingi faili hili halijawahi kuandikwa hata baiti moja, lakini nafasi yake imeshikwa vilevile.

Utaona pia faili jingine dogo ambalo jina lake linaanza na `vmx-` na kuishia na `.vswp`. Hilo ni la mchakato unaoendesha mashine pepe, si la RAM ya mashine yenyewe. Liache.

Hili la `.vswp` ni sawa na swapu ya ndani ya mashine?

Si sawa. Swapu ya Linux au `pagefile.sys` ya Windows iko ndani ya diski pepe, na ESXi haiijui. Kwake ni maandishi kama maandishi mengine. Lakini ina njia yake ya kukuumiza. Kila mashine inapoandika kwenye swapu yake ya ndani wakati snapshoti ipo, maandishi hayo yanaingia kwenye faili la tofauti. Mashine yenye RAM finyu inaweza kuvimbisha snapshoti kwa takataka ambazo hakuna atakayezihitaji. Dawa yake iko kwenye swali la swapu ya ndani, karibu na mwisho.

## Kutafuta kilichokula nafasi

Nianzie wapi?

Ingia kwenye seva kwa SSH, kisha tazama hifadhi zote kwa jumla na folda za ile iliyojaa. Katika mifano yote hapa hifadhi inaitwa `ds1`.

```
df -h
cd /vmfs/volumes/ds1/
du -sh *
```

Amri ya mwisho itakuonyesha folda ya kila mashine imeshika kiasi gani. Linganisha na unachokitarajia, yaani ukubwa wa diski zake ukijumlisha RAM yake. Folda inayozidi hapo kwa mbali ndiyo ya kufungua.

Tumia `du`, usitegemee `ls` peke yake. Diski iliyoundwa kwa `Thin Provision` inaonekana kwenye `ls` kwa ukubwa wake wote wa ahadi hata kama imetumia robo tu, wakati `du` inasema nafasi iliyoshikwa kweli.

Mafaili ya snapshoti nitayatambuaje?

Kwa majina. Tafuta hivi:

```
find /vmfs/volumes/ds1/ -name "*-delta.vmdk"
find /vmfs/volumes/ds1/ -name "*-sesparse.vmdk"
```

Mkwaju wa mwisho baada ya `ds1` usiuache, kwa kuwa `ds1` ni kiungo tu na bila mkwaju huo `find` haitaingia ndani. Kwenye hifadhi za VMFS6 utakuta `-sesparse`; kwenye VMFS5 kwa kawaida ni `-delta`, isipokuwa kwa diski kubwa zinazozidi TB 2. Namba kama `000001` iliyo ndani ya jina haimaanishi snapshoti ya kwanza kwa tarehe. Ni namba iliyokuwa wazi wakati huo.

Pamoja nayo kuna `.vmsd`, ambalo ni orodha ya snapshoti, `.vmsn`, ambalo ni hali ya mashine wakati snapshoti ilipopigwa, na pengine `.vmem`. Hili la mwisho litazame kwa makini. Ukipiga snapshoti ukaacha alama ya tiki kwenye kumbukumbu, RAM yote ya mashine inaandikwa humo. Mashine ya GB 64 inakugharimu GB 64 papo hapo, kabla faili la tofauti halijakua hata kidogo.

Nani kapiga snapshoti hizi? Mimi sijapiga.

Karibu kila mara ni programu ya nakala rudufu. Hupiga snapshoti usiku ili isome diski ikiwa imetulia, kisha huifuta ikimaliza. Ikikatika katikati, au ikishindwa kufuta, snapshoti inabaki, na usiku unaofuata inapigwa nyingine juu yake. Jina la snapshoti kwa kawaida humtaja aliyeipiga:

```
vim-cmd vmsvc/getallvms
vim-cmd vmsvc/snapshot.get 12
```

Amri ya kwanza inatoa namba ya kila mashine. Weka namba hiyo mahali pa 12. Wa pili kwa kushukiwa ni fundi aliyepiga snapshoti kabla ya kusasisha programu, kazi ikaenda vizuri, akasahau. Kazi ikienda vizuri hakuna kinachomkumbusha.

Orodha ya snapshoti ni tupu, lakini mafaili ya tofauti yapo. Imekuwaje?

Orodha unayoiona inatoka kwenye `.vmsd`. Inawezekana kabisa jina limefutwa kwenye orodha wakati kuunganisha data kulishindikana. Usiamini orodha. Fungua `Edit Settings` ya mashine na usome jina la faili la diski. Likiishia na kitu kama `-000003.vmdk`, mashine inaishi juu ya snapshoti, orodha iseme isemavyo. Wakati mwingine utaona pia onyo lililoandikwa `Virtual machine disks consolidation is needed`. Namna ya kulitatua imeelezwa kwenye swali la `Consolidate`.

## Kurejesha nafasi

Je, naweza kufuta mafaili ya tofauti kwa `rm`?

Usithubutu. Ndani ya faili hilo kuna kila kitu kilichoandikwa tangu snapshoti ipigwe. Ukilifuta, umefuta kazi hiyo yote, na mashine haitawaka kwa kuwa mnyororo umekatika.

Kuna mtego hapa ambao nimeona watu waangalifu kabisa wakiuingia. Mashine ikiwa imewashwa, ESXi imeyafungia mafaili yake, na `rm` itakataa kwa ujumbe wa `Device or resource busy`. Watu huchukua hilo kuwa kipimo cha usalama: likikubali kufutwa, basi halitumiki. Kwa `.vswp` kipimo hicho kina maana. Kwa diski na snapshoti hakina, kwani mashine iliyozimwa haina kufuli lolote na mafaili yake yote yatafutika bila swali.

Nichague `Delete` au `Revert`?

`Delete`. Jina linatisha, lakini kinachofutwa ni alama ya kurudi nyuma, si data. Yaliyomo kwenye faili la tofauti yanahamishiwa kwenye diski ya asili, kisha faili linaondolewa, na mashine inabaki ilivyo leo. `Revert` ndiyo inayotupa kila kilichofanyika tangu snapshoti ipigwe. Kwenye mashine ya uzalishaji yenye snapshoti ya wiki tatu, `Revert` ni wiki tatu za kazi zilizopotea kwa kubofya mara moja.

Kufuta snapshoti kunahitaji nafasi ya ziada?

Kidogo, na inategemea hali tatu.

Kama diski ya asili iliundwa kwa `Thick Provision`, nafasi yake ilishashikwa yote tangu mwanzo. Data inarudi kwenye nafasi ambayo ni yake, kwa hiyo upande huo hauhitaji chochote.

Kama ni `Thin Provision`, diski ya asili itakua kadiri data mpya inavyoingia, na faili la tofauti haliondolewi mpaka mwisho. Kwa muda fulani unalipia mara mbili. Snapshoti ya GB 80 inaweza kudai karibu GB 80 nyingine wakati wa kuunganishwa.

Halafu, kama mashine iko hewani, ESXi hufungua faili jingine la muda la kupokea maandishi mapya wakati wa kuunganisha. Mashine yenye shughuli nyingi italikuza haraka. Ukiizima mashine kwanza, gharama hii haipo.

Kama snapshoti ni kadhaa, tumia `Delete All`. Kwenye matoleo ya zamani sana, kabla ya 4.0 U2, kila snapshoti ilimwagwa kwenye iliyo chini yake na nafasi iliyohitajika ilivimba njiani. Tangu hapo kila moja inaingia moja kwa moja kwenye diski ya asili.

```
vim-cmd vmsvc/snapshot.removeall 12
```

Hifadhi imejaa kabisa, hakuna hata GB moja. Nafasi ya kuanzia nitaipata wapi?

Hapa ndipo mafaili ya swapu yanapogeuka kuwa msaada. Zima, kwa utaratibu kutoka ndani, mashine isiyo muhimu sana iliyo kwenye hifadhi hiyohiyo. Faili lake la `.vswp` linafutwa mara moja na unapata GB sawa na RAM yake isiyotengwa. Kuiwasha upya kutoka ndani hakutoshi, kwa kuwa faili hubaki. Lazima izimike kabisa.

Njia nyingine ni kuhamisha picha za ISO na nakala za zamani ambazo kwa kawaida zimelundikwa humohumo. Ukiwa na vCenter, unaweza pia kuhamishia mashine nzima hifadhi nyingine ikiwa inaendelea kufanya kazi, hata ikiwa na snapshoti.

Naomba mfano wenye hesabu.

Tuchukue `ds1` ya GB 1000 yenye mashine tatu, zote za `Thick Provision` na zisizo na tengo la RAM. `hifadhidata` ina diski ya GB 400 na RAM ya GB 64. `barua` na `nyaraka` zina diski ya GB 200 na RAM ya GB 16 kila moja. Diski ni GB 800, swapu ni GB 96, zinabaki GB 104. Msimamizi anaona zaidi ya GB 100 zipo wazi na moyo umetulia.

Kabla ya kusasisha hifadhidata anapiga snapshoti na kuacha tiki ya kumbukumbu. `.vmem` inachukua GB 64 na zinabaki 40. Kazi inakwenda vizuri, snapshoti inasahauliwa. Hifadhidata inaandika, faili la tofauti linakua, na siku moja linafika GB 40. Hapo `hifadhidata` inaganda na skrini inaonyesha:

```
There is no more space for virtual disk 'hifadhidata-000001.vmdk'.
```

Chini yake kuna machaguo mawili, `Retry` na `Cancel`. La ajabu, `barua` na `nyaraka` zinaendelea kama kawaida. Hazina snapshoti na nafasi yao yote ilishashikwa, kwa hiyo hazihitaji kitu kipya. Hilo huwapoteza watu, wakaanza kutafuta kosa ndani ya hifadhidata yenyewe.

`Cancel` inaizima mashine ghafla, kama umeme umekatika, kwa hiyo isiguswe. Badala yake anaizima `nyaraka` kwa utaratibu na GB 16 zinapatikana. Anajibu `Retry`, na `hifadhidata` inaendelea pale ilipokuwa. Haraka, kabla GB 16 hazijaliwa, anachagua `Delete All`. Diski ni ya `Thick Provision`, kwa hiyo linalohitaji nafasi ni faili la muda peke yake, na GB 16 zinalitosha kama kazi inafanyika saa za utulivu. Kama angekuwa na shaka, angeizima na `hifadhidata` pia, apate GB 64 zaidi na aondokane na faili la muda.

Kazi ikiisha, GB 40 za tofauti na GB 64 za `.vmem` zinarudi. Pamoja na zile 16, wazi ni GB 120. Akiiwasha `nyaraka` zinakuwa 104, pale alipoanzia.

Kufuta kumekwama kwenye asilimia 99. Nikatishe?

Usikatishe, wala usiwashe upya seva. Asilimia hiyo ni ya kubahatisha, na kazi nzito zaidi mara nyingi hufanyika wakati kipimo kinaonekana kimesimama. Snapshoti ya mamia ya GB inaweza kuchukua saa nyingi. Ukiwa na wasiwasi, ingia kwenye folda ya mashine uangalie saa za mafaili:

```
watch ls -lht
```

Saa ya diski ya asili ikiendelea kubadilika, kazi inaendelea. Tarajia pia mashine igande kidogo mwishoni, pale faili la muda linapounganishwa. Kwenye mashine yenye shughuli nyingi kuganda huko kunaweza kutosha kuwakata watumiaji.

`Consolidate` ni ya nini, na ikishindikana?

Ni ya hali ile ya orodha tupu na mafaili yaliyobaki. Inaunganisha mafaili ya tofauti bila kuhitaji jina kwenye orodha. Iko chini ya menyu ya snapshoti. Pasipo na vCenter, njia ya zamani bado inafanya kazi: piga snapshoti mpya bila kumbukumbu, halafu `Delete All`, na mnyororo wote hufagiliwa pamoja nayo.

Ikishindikana kwa kudai faili limefungwa, kabla ya jambo jingine nenda kwenye mashine ya nakala rudufu. Baadhi ya programu hizo huchomeka diski za mashine nyingine kwenye mashine yao ili zisome haraka, na kazi ikikatika diski hubaki imechomekwa. Fungua `Edit Settings` yake. Ukiona diski isiyo yake, iondoe kwenye orodha, lakini usiweke tiki ya kufuta mafaili yake. Tiki hiyo itafuta diski ya mashine nyingine.

Hakuna nafasi ya kuunganisha hata nikizima mashine nyingine zote. Nifanyeje?

Zima mashine hiyo, kisha nakili diski yake kwenda hifadhi nyingine, ukianzia kwenye faili la mwisho la mnyororo, lile linaloonekana kwenye `Edit Settings`:

```
mkdir -p /vmfs/volumes/ds2/hifadhidata
vmkfstools -i hifadhidata-000003.vmdk \
  /vmfs/volumes/ds2/hifadhidata/hifadhidata.vmdk -d thin
```

Matokeo ni diski moja iliyokamilika, isiyo na snapshoti. Itaje kwenye mashine mpya, iwashe, hakiki data, na ndipo uifute ya zamani. Ukianzia kwenye diski ya asili kwa bahati mbaya utapata mashine ya siku snapshoti ilipopigwa, nayo itawaka vizuri kabisa bila kulalamika. Kwa hiyo hakiki tarehe za data, si kuwaka tu.

## Swapu na hali zisizo za kawaida

Nitapunguzaje mafaili ya `.vswp` moja kwa moja?

Weka tiki kwenye `Reserve all guest memory (All locked)`, uizime mashine na kuiwasha. Faili litaundwa likiwa na ukubwa wa sifuri. Kubadilisha tengo mashine ikiwa hewani hakulipunguzi faili lililopo.

Gharama yake ni kwamba RAM hiyo sasa ni ya mashine hiyo peke yake. Seva yenye GB 128 inaweza kuzitengea kikamilifu mashine tatu za mfano wetu. Ukijaribu kutenga zaidi ya iliyopo, mashine ya mwisho haitakubali kuwaka. Kwa maoni yangu, kama hugawi RAM kuliko uliyonayo, kutenga ndiko kunakofaa, kwa sababu swapu hiyo haitatumika kamwe.

Unaweza pia kuelekeza swapu kwenye hifadhi nyingine kupitia mpangilio wa `Swap file location`. Inafaa, ila swapu ikikaa kwenye diski ya ndani ya seva moja, kuhamisha mashine kwenda seva nyingine kunakuwa kwa taratibu zaidi.

Mashine ilizimwa, sasa inakataa kuwaka na kusema `No space left on device`.

Inashindwa kuunda `.vswp`. Ilipozimwa iliachia nafasi yake, na snapshoti ya mashine jirani ikaila. Itengee RAM yote kama ilivyoelezwa juu na itawaka bila kuhitaji nafasi hiyo. Kama hata megabaiti chache za lile faili la `vmx-` hazipatikani, linaweza kuzuiwa kwa mstari huu ndani ya `.vmx` mashine ikiwa imezimwa:

```
sched.swap.vmxSwapEnabled = "FALSE"
```

Nimekuta `.vswp` mbili kwenye folda moja. Ipi ni ya kufuta?

Seva ikizimika ghafla, faili la zamani linaweza kubaki na mashine ikaunda jipya lenye herufi nyingine mwishoni mwa jina. Linalotumika limeandikwa kwenye `.vmx`:

```
grep derivedName /vmfs/volumes/ds1/*/*.vmx
```

Lisilotajwa popote ni yatima na linaweza kufutwa. Likitoa `Device or resource busy`, liache, kuna seva inayolishika, pengine seva nyingine inayotumia hifadhi hiyohiyo.

Nilifuta mafaili makubwa ndani ya mashine, lakini hifadhi haikupata nafasi. Ikazidi hata kujaa!

Kufuta ndani ya mashine ni kuandika kwenye jedwali la mafaili, na maandishi hayo yanaingia kwenye snapshoti. Programu ya kupanga upya diski au ya kujaza sifuri kwenye nafasi wazi ni mbaya zaidi. Inagusa diski nzima, na snapshoti inaweza kuvimba hadi ukubwa wa diski hiyo. Ondoa snapshoti kwanza, usafi baadaye. Diski ya `Thin Provision` inaweza kupunguzwa kwa `vmkfstools -K` baada ya kujazwa sifuri, ila mashine iwe imezimwa na pasiwe na snapshoti.

Swapu ya ndani ndiyo inayokuza snapshoti zangu. Naizuiaje?

Ihamishie kwenye diski pepe ya peke yake, kisha diski hiyo iwekwe kwenye hali ya `Independent - Persistent`. Diski ya hali hiyo haihusishwi na snapshoti. Inaandikwa moja kwa moja. Kikwazo ni kwamba mashine yenye diski kama hiyo haikubali snapshoti yenye kumbukumbu ikiwa hewani. Kwa walio wengi hilo si hasara, ukikumbuka GB 64 za mfano wetu.

Snapshoti ikae muda gani, na nitajuaje imesahaulika?

Mwongozo wa VMware ni isizidi saa 72, na mnyororo usizidi snapshoti mbili au tatu, ingawa mfumo unakubali hadi 32. vCenter huonya hifadhi ikifika asilimia 75 na kupandisha onyo ikifika 85. Kwa hifadhi ndogo yenye hifadhidata, onyo la 85 linaweza kufika usiku na diski ikajaa kabla hujaamka, kwa hiyo ongeza tahadhari ya ukubwa wa snapshoti kwa kila mashine. Asiye na vCenter aendeshe zile amri mbili za `find` kila asubuhi, baada ya saa za nakala rudufu. Zisipotoa mstari wowote, usiku ulikuwa salama.

Natumia VirtualBox au KVM. Haya yananihusu?

Ya snapshoti yanakuhusu kwa kanuni ileile: faili la tofauti linalokua, na kufuta ambako maana yake ni kuunganisha. VirtualBox huyaweka kwenye folda iitwayo `Snapshots` ndani ya folda ya mashine. Kwa KVM, `virsh domblklist` inakuonyesha faili ambalo mashine inaandikia sasa, na `virsh blockcommit` ndiyo ya kuliunganisha. Ya `.vswp` hayakuhusu, kwa sababu KVM haiundi faili la swapu kwa kila mashine. Inatumia swapu ya Linux ya seva yenyewe. Ila ukihifadhi hali ya mashine kwa `virsh managedsave`, RAM yake inaandikwa kwenye `/var/lib/libvirt/qemu/save`, na hapo kizigeu cha mfumo kinaweza kujaa bila hifadhi ya mashine kuguswa.